Grafu mbili ni isomofiki au sio? Anza na digrii, malizia na jozi

Swali huwa linakuja hivi: umepewa grafu mbili, kila moja ina nodi zake, yaani nukta, na mistari inayoziunganisha, zimechorwa tofauti, majina ya nodi hayafanani, halafu unaulizwa kama ni isomofiki. Maana yake ni kwamba unaweza kuchukua nodi za grafu ya kwanza, kila moja ukaipa mwenzake mmoja kwenye grafu ya pili bila kurudia na bila kubakiza, na mistari ikaendana yote, yaani palipo na mstari huku pawe na mstari kule, na pasipo na mstari huku kule pia pasiwe nao. Umbo la mchoro halina uzito wowote. Mstari uwe umepinda, ukatishe juu ya mwingine, nodi iwe katikati au pembeni, hayo yote ni ya mchoraji sio ya grafu.

Kuna jambo moja ambalo nataka ulishike kabla hatujaingia kwenye hatua, maana makosa mengi ninayoyaona kwenye mada hii yanatokea hapo hapo. Digrii na sifa nyingine zote tutakazohesabu zina uwezo wa kusema "hapana" peke yake. Zikitofautiana hata sehemu moja, kazi imeisha, grafu sio isomofiki na huo ni uthibitisho kamili. Zikilingana hujathibitisha chochote bado, hata kama umelinganisha sifa kumi na zote zimekubali. "Ndiyo" inapatikana kwa njia moja, nayo ni kuandika zile jozi, nodi gani inakwenda kwa nodi gani, na kuzikagua mstari kwa mstari. Kwa hiyo mtu anayeandika "digrii zinalingana hivyo ni isomofiki" amekosea hata kama jibu lake kwa bahati limetoka sahihi.

Hatua ya 1: geuza mchoro kuwa orodha

Usilinganishe picha kwa picha. Zipe nodi majina, andika mistari yote kama jozi za majina, hakikisha hakuna mstari ulioandikwa mara mbili (1-2 na 2-1 ni mstari ule ule), afu hesabu nodi ngapi na mistari mingapi. Angalia pia grafu iko kipande kimoja au imeachana vipande viwili vitatu. Idadi ya nodi, ya mistari, ya vipande, kimojawapo kikitofautiana basi sio isomofiki na unaweza kwenda kupumzika. Hapa sikai sana kwa sababu mitihani na kazi za kweli mara nyingi zinakupa grafu ambazo hivi vyote vinalingana.

Hatua ya 2: mfuatano wa digrii

Digrii ya nodi ni idadi ya mistari inayoigusa. Hesabu ya kila nodi, halafu zipange kuanzia kubwa kwenda ndogo, huo ndo mfuatano wa digrii. Kupanga ni lazima, usije ukalinganisha 2,3,1 na 3,2,1 ukasema zinatofautiana. Na kabla hujalinganisha, jumlisha: jumla ya digrii zote lazima iwe mara mbili ya idadi ya mistari, kwa sababu kila mstari una ncha mbili na kila ncha imehesabiwa mara moja. Jumla ikigoma umeruka mstari mahali au umehesabu mmoja mara mbili, rudi kwenye orodha yako urekebishe kabla ya kusonga.

Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua kwa hatua hii upo kwenye kemia ya organiki ya sekondari. Heksani ni C6H14, na kuna isoma tano za fomula hiyo, yaani molekuli tano zenye atomu zile zile ila zimeungana tofauti. Chora kaboni kama nodi na bondi kati ya kaboni na kaboni kama mstari, haidrojeni ziache kabisa, hazipotei kwa sababu kaboni ina bondi nne, hivyo nodi yenye digrii 3 ina haidrojeni moja, yenye digrii 1 ina tatu, inajulikana tu. Kila isoma inakuwa grafu ya nodi 6 na mistari 5, na kuuliza kama michoro miwili ni kemikali moja au mbili ni kuuliza kama grafu hizo ni isomofiki (kwa heksani hakuna tatizo la umbo la kushoto na kulia kama kioo, molekuli kubwa zaidi huwa nalo na grafu peke yake hailioni). Mifuatano yake ni hii:

```
heksani ya mnyororo mnyoofu   2,2,2,2,1,1
2-metilipentani               3,2,2,1,1,1
3-metilipentani               3,2,2,1,1,1
2,3-dimetilibutani            3,3,1,1,1,1
2,2-dimetilibutani            4,2,1,1,1,1
```

Kila mstari unajumlika kuwa 10, mara mbili ya 5, vizuri. Na ona jinsi mfuatano wa digrii ulivyofanya kazi kubwa, katika isoma tano imezitenganisha tatu kabisa na kutuachia jozi moja tu ya mashaka, 2-metilipentani na 3-metilipentani. Hizo mbili tunajua sio kitu kimoja, moja inachemka karibu na nyuzi 60 za Selsiasi nyingine karibu na 63, lakini mfuatano wa digrii hauoni tofauti hata kidogo. Hapo ndo tunahitaji jicho kali zaidi.

Hatua ya 3: digrii za majirani

Badala ya kuuliza nodi hii ina majirani wangapi, uliza majirani wake wenyewe wana digrii gani. Tuandike zile grafu mbili, mnyororo mkuu ni 1 mpaka 5 na kaboni ya pembeni ni 6:

```
2-metilipentani:  1-2  2-3  3-4  4-5  2-6
3-metilipentani:  1-2  2-3  3-4  4-5  3-6
```

Kila grafu ina nodi moja tu ya digrii 3, kwa hiyo kama zingekuwa isomofiki hizo mbili zingelazimika kwenda pamoja, hakuna namna nyingine. Kwenye ya kwanza nodi hiyo ni 2, majirani wake ni 1, 3 na 6, digrii zao ni 1, 2, 1. Kwenye ya pili ni nodi 3, majirani wake ni 2, 4 na 6, digrii zao 2, 2, 1. Ya kwanza ina majirani wawili wa digrii 1, ya pili anaye mmoja. Haziwezi kuwa mtu na mwenzake, na kwa kuwa hakuna mwingine wa kuwapa, grafu sio isomofiki. Sentensi hizo tatu ni uthibitisho uliokamilika, huhitaji kuongeza kitu.

Watu wakishaipenda mbinu hii wanafanya kosa la kuangalia nodi kubwa peke yake. Usifanye hivyo, fanya nodi zote. Chukua 3-metiliheptani na 4-metiliheptani, nodi 8 kila moja, zote zina mfuatano 3,2,2,2,2,1,1,1. Nodi ya digrii 3 kwenye zote mbili ina majirani wa digrii 1, 2 na 2, sawa kabisa, na ukiishia hapo utadhani umefika. Sasa shuka kwenye nodi za digrii 2. Kwenye 3-metiliheptani kuna nodi ya digrii 2 iliyokaa katikati ya nodi ya digrii 3 na nodi ya digrii 1, ni ule mkono mfupi wa kaboni mbili. Kwenye 4-metiliheptani mikono miwili mirefu ina kaboni tatu tatu, hivyo nodi ya digrii 2 inayogusa ile kubwa lazima upande wa pili iguse nodi nyingine ya digrii 2. Hakuna hata moja yenye majirani 3 na 1. Tofauti ilikuwepo, ila haikuwa kwenye nodi uliyoitazama.

Na ukimaliza nodi zote bado zinalingana unaweza kurudia raundi. Kila aina ya nodi uliyoipata ipe jina jipya, kwa mfano A kwa "digrii 2 yenye majirani 3 na 1", B kwa "digrii 2 yenye majirani 3 na 2", halafu uliza tena kila nodi ina majirani wa aina gani kwa majina haya mapya. Endelea mpaka raundi mpya isigawanye tena kundi lolote. Hapa kuna nafuu moja kwa ile kanuni ya mwanzo: kwa grafu ambazo ni miti, yaani zimeungana na hazina mzunguko wowote kama hizi za kaboni, utaratibu huu ukiufikisha mwisho unatosha kabisa, miti miwili isiyo isomofiki lazima itaachana. Kwa grafu zenye mizunguko hakuna ahadi hiyo, tutaona muda si mrefu.

Hatua ya 4: kila kitu kimelingana, tafuta jozi

Kuna kosa la kemia ambalo linatupa mfano safi wa upande wa "ndiyo". Mwanafunzi anachora mnyororo wa kaboni nne, kwenye ya pili anabandika kaboni mbili, anaiita 2-etilibutani na anadai amepata isoma ya sita. Tuipe majina p, q, r, s kwa mnyororo, na t, u kwa zile mbili za pembeni:

```
mchoro wa mwanafunzi:  p-q  q-r  r-s  q-t  t-u
3-metilipentani:       1-2  2-3  3-4  4-5  3-6
```

Digrii za mchoro wake: q ana 3, r na t wana 2, p, s na u wana 1. Mfuatano ni 3,2,2,1,1,1. Majirani wa q ni p, r, t, digrii 1, 2, 2. Inalingana na 3-metilipentani kila mahali na 2-metilipentani imeshatoka. Sasa tunatafuta jozi, na hapa kazi tuliyoifanya juu inalipa, kwa sababu bila hiyo kuna namna 720 za kuwapa nodi 6 wenzao, wakati kwa kufuata digrii peke yake zinabaki 1 × 2 × 6, yaani 12.

Anza na nodi ya aina adimu kuliko zote. Hapa ni ya digrii 3, iko moja kila upande, hivyo 3 inakwenda kwa q, hakuna cha kuchagua. Kisha fuata mistari kutoka hapo, usiruke kwenda nodi ya mbali. Jirani wa 3 mwenye digrii 1 ni 6, jirani wa q mwenye digrii 1 ni p, basi 6 kwa p. Wanabaki 2 na 4 upande mmoja, r na t upande mwingine. Hapa una hiari, chagua 2 kwa r, kwa hiyo 4 kwa t. Ukishachagua, zilizobaki zinajipanga zenyewe, 1 anamgusa 2 hivyo lazima aende kwa yule anayemgusa r, ambaye ni s, na 5 anakwenda kwa u. Kagua:

```
1-2 -> s-r   ipo
2-3 -> r-q   ipo
3-4 -> q-t   ipo
4-5 -> t-u   ipo
3-6 -> q-p   ipo
```

Mistari yote mitano imeangukia kwenye mistari. Je tunahitaji kukagua na pasipo na mstari? Hapana, na sababu ni nzuri kuijua: grafu zote zina mistari 5, mitano ya kwanza imeenda kwenye mitano tofauti ya pili, kwa hiyo hakuna mstari wa ziada uliojificha kule. Lakini hoja hiyo inasimama kwa sababu tulihesabu mistari kwenye hatua ya 1, kama hukuhesabu huna ruhusa ya kuitumia. Basi hiyo 2-etilibutani ni 3-metilipentani iliyochorwa kwa kukunja, na jina la kitaalamu linafuata mnyororo mrefu zaidi kwa sababu hiyo hiyo.

Ukichagua vibaya pale penye hiari utajua mapema, mstari fulani utakosa pa kuangukia. Hapo usitangaze kwamba grafu sio isomofiki! Umeshindwa na chaguo moja tu. Rudi pale ulipochagua ujaribu lile lingine, na "hapana" kwa njia hii inakuja pale tu machaguo yote yameisha na yote yamegoma. Nimeona watu wengi wakikata tamaa kwenye jaribio la kwanza na kuandika jibu lisilo sahihi.

Hatua ya 5: digrii zote zikiwa sawa

Sasa ugumu wenyewe. Kuna grafu ambazo kila nodi ina digrii ile ile, na hapo hatua ya 2 na ya 3 zinakufa zote kwa pamoja, kwa sababu kila nodi inasema "nina majirani watatu na kila jirani ana majirani watatu", hata urudie raundi mia hakuna kundi litakalogawanyika. Angalia hizi mbili, nodi 6 na mistari 9 kila moja:

```
P:  1-2  2-3  3-4  4-5  5-6  6-1  1-4  2-5  3-6
Q:  a-b  b-c  c-d  d-e  e-f  f-a  a-d  b-f  c-e
```

Zote zinaanza na mzunguko wa pembe sita, zote zina mstari mmoja unaokata katikati kabisa (1-4 na a-d), tofauti ni mistari miwili tu ya mwisho. Kila nodi ina digrii 3. Macho hayakusaidii sana.

Kitu cha kwanza kuhesabu kwenye grafu za aina hii ni pembetatu, yaani nodi tatu ambazo kila moja inagusa nyingine. Njia ya uhakika ni kwenda mstari kwa mstari na kuuliza ncha zake mbili zina jirani wa pamoja au hazina. Kwenye Q mstari a-b una jirani wa pamoja f, hiyo pembetatu moja a, b, f. Mstari c-d una jirani wa pamoja e, hiyo ya pili c, d, e. Nyingine hamna, jumla mbili. Kwenye P tazama namba: kila mstari unaunganisha namba witiri na namba shufwa, 1-2, 1-4, 3-6 na kadhalika, hakuna mstari kati ya witiri na witiri. Pembetatu ingehitaji nodi tatu, na katika namba tatu lazima mbili ziwe witiri zote au shufwa zote, hizo hazigusani. Kwa hiyo P haina pembetatu hata moja. Mbili dhidi ya sifuri, sio isomofiki, imekwisha. Na hii ya kugawa nodi pande mbili ambazo mistari inavuka tu ni sifa yenyewe ya kulinganisha, grafu moja ikigawanyika hivyo na nyingine isigawanyike ni "hapana" moja kwa moja.

Kuna njia nyingine ninayoipenda zaidi kwa grafu zenye mistari mingi, nayo ni kuchora mistari *isiyokuwepo*. Grafu mbili ni isomofiki ikiwa, na ikiwa tu, grafu zake za kinyume ni isomofiki, hivyo una uhuru wa kuchagua ile iliyo nyepesi. Nodi 6 zinaweza kuwa na mistari 15 kwa wingi, tunayo 9, kinyume chake kina 6 tu. Kinyume cha P: 1-3, 3-5, 5-1 na 2-4, 4-6, 6-2, pembetatu mbili zilizoachana. Kinyume cha Q: a-c, c-f, f-d, d-b, b-e, e-a, mzunguko mmoja wa nodi sita. Vipande viwili dhidi ya kipande kimoja, mtoto anaona. Zingatia kwamba hata kwenye hizi za kinyume kila nodi ina digrii 2, digrii bado hazisemi kitu, aliyesema ni idadi ya vipande.

Ikija grafu ya tatu, R yenye mistari u-x, u-y, u-z, v-w, v-x, v-y, w-y, w-z, x-z, utaratibu ni ule ule. Digrii 3 kote, pembetatu ni u, x, z na v, w, y, mbili, hivyo P imetoka na Q inawezekana. Digrii haikupi pa kuanzia, ila pembetatu zinakupa: a, b, f ziende u, x, z. Jaribu a kwa u, b kwa x, f kwa z. Kila mmoja ana mstari mmoja unaotoka nje ya pembetatu yake, a anamgusa d na u anamgusa y hivyo d kwa y, b anamgusa c na x anamgusa v hivyo c kwa v, mwisho e kwa w. Kagua mistari tisa yote, inaangukia sawa, Q na R ni isomofiki.

Ukitaka kukagua kwa Python, ukiwa na maktaba ya networkx, ni mistari michache ya kodi:

```python
import networkx as nx
from networkx.algorithms.isomorphism import GraphMatcher

Q = nx.Graph()
Q.add_edges_from("ab bc cd de ef fa ad bf ce".split())
R = nx.Graph()
R.add_edges_from("ux uy uz vw vx vy wy wz xz".split())

print(sorted(d for _, d in Q.degree()))
print(sum(nx.triangles(Q).values()) // 3)
gm = GraphMatcher(Q, R)
if gm.is_isomorphic():
    print(gm.mapping)
```

Huenda ikakupa jozi tofauti na zangu, usishtuke, Q na R zina namna 12 sahihi za kupangiwa. Kuwa makini tu na `nx.faster_could_be_isomorphic`, hiyo inalinganisha mfuatano wa digrii peke yake, na `nx.fast_could_be_isomorphic` inaongeza pembetatu za kila nodi. Zikisema `False` ni uhakika, zikisema `True` maana yake ni "inawezekana", basi. Kwa "ndiyo" ya kweli tumia `GraphMatcher` kama hapo juu.

Hatua ya 6: hata pembetatu zikilingana

Zipo grafu ambazo zinapita vizuizi vyote hivyo na bado sio isomofiki, na ni vizuri uone jozi moja maarufu kwa karibu ili ujue pa kutazama ukikwama. Chukua ubao wa miraba 4 kwa 4, miraba 16 ndo nodi. Grafu ya kwanza, unganisha miraba miwili ikiwa iko safu moja ya kulala au safu moja ya kusimama. Ya pili ni grafu ya Shrikhande, imepewa jina la mwanahisabati wa India aliyeiandika mwaka 1959: hapa mraba unaunganishwa na wa kulia kwake, wa kushoto, wa juu, wa chini, na wale wawili wa mshazari mmoja tu, juu-kulia na chini-kushoto, na ukitoka ukingoni unatokea upande wa pili wa ubao.

Linganisha. Nodi 16 zote mbili, kila nodi digrii 6, mistari 48, pembetatu 32. Nodi yoyote mbili, zinagusana au hazigusani, zina majirani wa pamoja wawili kamili kwenye grafu zote mbili. Kwa hiyo hata ukihesabu umbali au pembetatu kwa kila nodi, unapata namba zile zile, na zile function mbili za haraka za networkx zote zitakupa `True`.

Kinachozitenganisha ni kuchukua nodi moja, kuitoa, na kuchora majirani wake sita peke yao pamoja na mistari iliyopo kati yao. Kwenye ubao wa safu, majirani wa mraba ni watatu wa safu yake ya kulala, ambao wote wanagusana, na watatu wa safu ya kusimama, ambao nao wanagusana, na kati ya makundi hayo hakuna mstari. Unapata pembetatu mbili zilizoachana. Kwenye Shrikhande majirani sita ukiwazunguka kwa mpangilio, kulia, juu-kulia, juu, kushoto, chini-kushoto, chini, kila mmoja anamgusa anayefuata na wa mwisho anamgusa wa kwanza, wengine hawagusani. Unapata mzunguko mmoja wa nodi sita. Mistari ni sita kwa sita, ndiyo maana hesabu ya pembetatu haikuona kitu, lakini umbo ni tofauti, na ni tofauti ile ile tuliyoiona kwenye kinyume cha P na Q.

Ukipenda kuisema kwa namba, tafuta makundi ya nodi nne ambazo zote zinagusana. Ubao wa safu unayo 8, safu nne za kulala na nne za kusimama. Shrikhande haina hata moja, kwa sababu kundi kama hilo lingehitaji pembetatu ndani ya majirani wa nodi, na mzunguko wa nodi sita hauna pembetatu.

Kwa hiyo ukikwama kwenye grafu ambazo digrii zote ni sawa, acha kuhesabu namba za grafu nzima, chagua nodi, chora majirani wake peke yao, fanya hivyo kwa kila nodi kama hazifanani, na linganisha maumbo hayo madogo kwa kutumia hatua hizi hizi kuanzia ya 1. Hakuna orodha fupi ya sifa inayojulikana ambayo inamaliza kila grafu kwa haraka, hata matokeo ya László Babai wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyoyatangaza mwaka 2015, ambayo yalipunguza sana muda unaohitajika kwa grafu mbaya kabisa, hayakufikia kasi ambayo wataalamu wanaiita ya kipolinomia. Ndiyo maana sifa zikiisha na bado zinakubaliana, unarudi hatua ya 4 na kuanza kupanga jozi, ukianzia kwenye aina ya nodi uliyoiona mara chache zaidi.